Kumpata mtafiti mwenza mbele ya bango: mwongozo kwa watafiti wanaokutana Mtwara

Kipindi cha mabango kwenye mkutano wa kisayansi huwa cha saa moja au moja na nusu, mara nyingi kimeunganishwa na chai. Ukumbi mzima unaongea kwa pamoja, watu wameshika vikombe, na mazungumzo mengi hupita njia ileile: salamu, muhtasari wa kazi, "hongera sana", kubadilishana kadi, kwaheri. Hakuna aliyekosa adabu hapo, ila hakuna aliyejua mwenzake anahitaji nini. Ushirikiano wa utafiti huanza pale watu wawili wanapogundua kwamba alichonacho mmoja ndicho kinachomkwamisha mwingine, na jambo hilo halijitokezi lenyewe ndani ya dakika tano. Lazima mmoja alitamke. Hatua zinazofuata zinahusu namna ya kulitamka, ukiwa umesimama kwenye bango lako na ukiwa mgeni kwenye bango la mwingine.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho, wa aina ya kazi tunayoifahamu huku Kusini. Mtafiti wa mikorosho, mwanamke anayefanya kazi Mtwara, anachunguza mnyauko unaokausha mikorosho tawi baada ya tawi hadi mti mzima unakufa. Anaujua ugonjwa shambani. Ana rekodi za misimu mitatu kutoka vijiji vya Newala na Tandahimba, anafahamiana na maafisa ugani wa huko, na ameotesha kuvu kutoka kwenye miti iliyougua. Kwa darubini ameona mbegu za kuvu zenye umbo la mundu, dalili ya jamii ya fuzari. Hapo ndipo alipokwama, kwa sababu darubini haiwezi kumwambia ni spishi gani hasa, wala kama kuvu wa Newala ni sawa na wa Tandahimba. Anahitaji maabara ya kusoma mfuatano wa DNA, na hana.

Hatua ya 1: Andika sentensi mbili kabla ya kufika ukumbini

Ya kwanza iseme unacho nini, ya pili unakosa nini. Zikizidi mbili, hutazikumbuka wakati mtu amesimama mbele yako na kikombe cha chai.

Watu wengi huandika ya pili vibaya. "Natafuta mshirika wa masuala ya molekuli" haimsaidii msikilizaji, kwa sababu hajui kazi inayotakiwa ni ya siku mbili au ya miaka miwili, wala kama yeye ndiye anayetafutwa. Mtafiti wetu anapaswa kushuka chini zaidi: "Nahitaji mtu anayeweza kusoma jeni ya TEF1 kwa kuvu kumi na wawili wa fuzari." Kutaja TEF1 kuna sababu. Sehemu ya DNA iitwayo ITS, ambayo wengi huanza nayo wanapotambua kuvu, haitenganishi vizuri spishi za fuzari, na mtu wa fani hiyo akisikia umetaja TEF1 anajua papo hapo kwamba umeshafanya kazi yako ya nyumbani. Idadi nayo ina maana yake. Kumi na wawili ni kazi ndogo, mtu anaweza kuikubali akiwa bado amesimama.

Sentensi ya kwanza nayo isiwe sifa ya taasisi yako. Iwe kitu ambacho mwingine angekitamani: rekodi za muda mrefu, ruhusa ya kuingia mashambani, sampuli zilizohifadhiwa vizuri, miche ya kufanyia majaribio, watu wanaokuamini vijijini. Watafiti wa mikoani mara nyingi hudharau hili la mwisho. Mwenye maabara nzuri Dar es Salaam au Morogoro anaweza kukaa mwaka mzima bila kupata wa kumpokea kijijini, na anajua thamani ya mwenyeji kuliko mwenyeji mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma kitabu cha ikisari ukitafuta mbinu, usitafute zao

Usiku wa kuamkia kipindi cha mabango, pitia ikisari zote na uchague mabango matano au sita. Kosa la kawaida ni kuchagua kwa mada. Mtafiti wa mikorosho huenda kwenye mabango ya korosho, anakutana na watu wenye ujuzi uleule alionao na pengo lilelile, wanafurahiana, wanaachana.

Mtafiti wetu asome upya akijiuliza: nani humu anasoma DNA ya fuzari, kwa zao lolote lile? Mnyauko wa migomba nao unasababishwa na fuzari. Kuvu wa migomba si yule wa mikorosho, na ni vizuri kuliweka hilo wazi tangu mwanzo ili asionekane anachanganya magonjwa mawili, lakini njia ya kuwatambua maabarani inafanana. Tena mtu wa migomba ana sababu yake ya kuitazama Kusini. Aina ya kuvu hao inayoitwa TR4, inayoangamiza hata migomba ya aina ya Kavendishi, iligunduliwa kaskazini mwa Msumbiji, mkoa wa Nampula, mwaka 2013. Newala na Tandahimba zinapakana na Msumbiji kwa Mto Ruvuma. Anayefuatilia TR4 upande wa Tanzania atatamani sana kuwa na macho mabondeni huko. Kwa hiyo bango la migomba, ambalo kwa kichwa chake halimhusu kabisa, ndilo linalopaswa kuwa la kwanza kwenye orodha yake.

Andika namba za mabango uliyochagua na muda ambao wenyewe watakuwepo. Mikutano mingi hugawa zamu, namba shufwa nusu ya kwanza ya kipindi na namba witiri nusu ya pili. Ikiwa zamu yako imegongana na ya unayemtafuta, usisubiri bahati. Nenda asubuhi watu wanapobandika mabango. Wakati huo hakuna umati, kila mtu anahangaika na pini na kona zinazojikunja, na mtu uliyemshikia bango lake likanyooka atakukumbuka mchana.

Halafu kuna suala la safari. Mabasi ya kurudi Dar es Salaam huondoka alfajiri, na wanaoondoka kwa ndege huanza kuangalia saa mapema. Siku ya mwisho ukumbi huwa umepwaya. Mazungumzo ya maana yafanyike siku ya kwanza, ili siku ya pili ibaki ya kukaa chini na kupanga.

Hatua ya 3: Kwenye bango lako, fungua kwa swali

Weka kwenye bango kisanduku kimoja chenye sentensi zako mbili, chini ya maneno "Tunacho" na "Tunatafuta". Kiwe usawa wa macho. Wengi hukipachika kona ya chini karibu na shukrani, na hapo hakuna anayeinama kusoma. Herufi zisomeke kwa mtu aliyesimama hatua mbili nyuma. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia Marekani, alieneza mtindo wa bango lenye tokeo kuu moja kwa herufi kubwa katikati na maelezo mengine pembeni. Si kila mkutano unaupenda mtindo huo, lakini faida yake kwa anayetafuta mwenza ni halisi, maana mpita njia anajua ndani ya sekunde chache kama asimame.

Simama ubavuni mwa bango. Ukisimama mbele yake unaziba kisanduku ulichokiandika, na ukiwa umeinamia simu watu watapita wakidhani hutaki kusumbuliwa.

Mtu akisimama, mwache asome kidogo. Kisha msalimie na umuulize anashughulikia nini kabla hujaeleza chochote. "Karibu sana. Wewe uko upande gani, shambani au maabara?" Jibu lake ndilo litakalokuambia useme nini. Hotuba moja uliyoikariri kwa watu wote hupoteza dakika tatu za mtu wa maabara kwenye maelezo ya upandaji wa mikorosho, wakati yeye angetaka kusikia jinsi ulivyotunza kuvu. Maelezo ya kwanza yasizidi nusu dakika: tatizo, ulichokipata, ulipokwama. Malizia hapo ulipokwama, usimalizie kwenye hitimisho. Ukimalizia kwenye hitimisho, msikilizaji hana la kusema zaidi ya hongera. Ukimalizia pale kuvu walipokuwa kwenye sahani bila jina, anayejua kuwapa jina atafungua mdomo.

Bango huandikwa Kiingereza mara nyingi, na mazungumzo yanakwenda Kiswahili. Jizoeze kabla kueleza takwimu zako kwa Kiswahili kinachotiririka. Wapo watu wanaoijua kazi yao vizuri sana lakini wakianza kuieleza nje ya lugha ya bango wanakwama kila sentensi, na mgeni anadhani hawana uhakika na matokeo.

Utajuaje mtu amevutiwa kweli? Sikiliza swali lake. "Utafiti huu ulichukua muda gani?" ni adabu njema. "Hao kuvu bado wako hai?", "Ulikata shina urefu gani?", "Miche uliyoambukiza ilionyesha dalili baada ya wiki ngapi?" ni maswali ya mtu aliyekwisha kujiona ndani ya kazi hiyo. Vivyo hivyo anayepiga picha sehemu ya mbinu na kuacha ile ya matokeo. Huyo usimwache aondoke bila kumuuliza na yeye amekwama wapi.

Afisa ugani au mkulima kiongozi akifika kwenye bango, na hapa Mtwara hufika, mpe nafasi sawa na profesa. Wao ndio wanaojua miti ilianza kukauka upande gani wa kijiji na mwaka gani, na swali lao linaweza kufichua kasoro ya sampuli zako ambayo hakuna mtaalamu ukumbini angeiona. Nimeona swali la aina hiyo, "Mbona mmechukua kwenye miti ya barabarani tu?", likibadilisha mpango mzima wa msimu uliofuata.

Mtu mmoja akikushikilia kwa muda mrefu na wengine wanasubiri nyuma yake, sema wazi na kwa heshima: "Hili nataka tulimalize kwa nafasi, tukutane kwenye chai ya saa kumi pale mlangoni." Kutaja saa na mahali kunaonyesha hujamfukuza.

Hatua ya 4: Kwenye bango la mwingine, uliza kuhusu uamuzi alioufanya

Salamu kwanza, na salamu ya kweli. Kwa mkubwa wako, shikamoo na cheo chake: "Shikamoo Profesa", hata kama mmezungukwa na wageni wanaosalimiana kwa majina ya kwanza. Kwa wa rika lako aliyetoka mbali, "pole na safari" inatosha na inafungua mengi, maana barabara ya kuja Mtwara kila mtu ana la kuieleza. Usiruke salamu kwa kuogopa muda. Sekunde kumi hizo ndizo zinazomfanya asikie swali lako kama la mwenzake, asilione kama la mtahini.

Kisha tazama jedwali au ramani moja kabla ya kuuliza. "Hebu niambie kuhusu kazi yako" humlazimisha arudie hotuba aliyoitoa tangu asubuhi, nawe utabaki msikilizaji. Uliza kuhusu kitu alichoamua kufanya au kutofanya: kwa nini wilaya hizi, kwa nini aliacha mbinu fulani, kwa nini ramani inaishia pale. Nyuma ya uamuzi huo mara nyingi kuna upungufu wa fedha, wa vifaa au wa watu, na huko ndiko pengo lake liliko.

Turudi kwa mtafiti wetu. Amefika kwenye bango la migomba asubuhi, na aliyesimama pale ni kijana wa uzamivu, si profesa mwenye mradi.

"Habari za asubuhi, kaka. Pole na safari."

"Nimeshapoa, dada. Karibu."

"Nilisoma ikisari yako jana. Naona ramani inaishia Pwani, Kusini hamkufika. Muda haukutosha, au hamkuwa na wa kuwapokea?"

"Vyote viwili. Fedha ziliisha, na huku hatuna mwenyeji. Na huku ndiko tulikokutaka zaidi, kwa sababu ya Msumbiji."

"Mimi niko Newala na Tandahimba karibu kila mwezi, kwa mnyauko wa mikorosho. Nao ni fuzari, ila si hawa wenu. Nimeishia kwenye darubini. Nyie TEF1 mnasomea wapi?"

"DNA tunaitoa wenyewe, kusoma mfuatano tunatuma nje."

"Kundi mnalotuma huwa linajaa?"

"Sahani ina vishimo 96. Mara nyingi hatuijazi."

"Nina kuvu kumi na wawili. Wangeweza kuingia humo?"

"Itabidi nimuulize profesa. Lakini nafasi huwa ipo."

Tazama alivyokwenda. Hakuomba ushirikiano. Aliuliza kuhusu ramani, akapata pengo la mwenzake, akataja anachokifanya ambacho kinagusa pengo hilo, kisha akauliza swali la kiufundi lililomwonyesha kama msaada anaoutaka unawezekana. Swali la sahani kujaa ndilo lililofanya kazi kubwa. Lilimpa njia ya kuomba kitu ambacho hakimgharimu mwenzake sana, na yule kijana ndiye aliyesema nafasi ipo.

Hatua inayofuata hapo ni kwa profesa, na watu wengi huharibu hapa. Humwacha kijana na kumwendea profesa moja kwa moja, wakidhani ndiye mwenye uamuzi. Ni kweli ndiye, lakini kijana ndiye atakayetoa DNA kwa mikono yake, na akijiona amerukwa, sampuli zako zitakaa kwenye friji. Mwambie: "Nitafurahi ukinitambulisha kwake, tuwe wote wawili." Kisha mbele ya profesa, mwache kijana aeleze wazo kwanza.

Ukifika kwenye bango ukakuta umati, usisimame nyuma ukitabasamu kwa dakika ishirini. Sikiliza mazungumzo mawili matatu ili ujue maswali yaliyokwisha kujibiwa, ondoka, rudi kipindi kikikaribia kuisha. Dakika kumi za mwisho mwenye bango amechoka hotuba, na swali jipya humpumzisha.

Hatua ya 5: Pendekeza jaribio dogo

"Tushirikiane" ni neno ambalo kila mtu analikubali na hakuna anayelitekeleza. Pendekeza kazi moja yenye mwisho, ambayo ikishindikana hakuna atakayeumia: nani atafanya nini, kwa sampuli ngapi, lini, na nani atalipa.

Kwa mfano wetu, mpango ungekuwa hivi. Yeye anachagua kuvu sita wa Newala na sita wa Tandahimba, kila mmoja kutoka mti tofauti, anawaotesha upya kuhakikisha ni safi. Maabara ya migomba inatoa DNA na kuwaingiza kwenye sahani inayofuata. Gharama za kusoma hao kumi na wawili anazibeba yeye. Kwa upande wake, mvua zikiisha na barabara za vijijini zikipitika, kuanzia Mei, anawapeleka watu wa migomba mabondeni karibu na Ruvuma na kuwatambulisha kwa maafisa ugani. Hapo pande zote mbili zina cha kupoteza kidogo na cha kupata kinachoonekana.

Kuna mambo matatu yanayopaswa kutajwa mapema, hata kama yanaonekana mazito kwa mazungumzo ya kusimama.

Kwanza, usalama wa mimea. Vimelea vya mnyauko wa migomba husafiri na udongo kwenye viatu na kwa machipukizi. Mtu anayetoka shamba lenye ugonjwa akaingia jingine bila kusafisha na kuua vimelea kwenye viatu anaweza kuupeleka yeye mwenyewe. Kubalianeni kwamba kwenye migomba mtachukua nyuzi za ndani ya shina zilizobadilika rangi, zikaushwe kwenye karatasi safi, bila kubeba udongo wala mche. Na ikitokea dalili za kutia shaka, taarifa iende kwanza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Isianzie kwenye makundi ya WhatsApp ya mkutano.

Pili, vibali. Mshirika akiwa mgeni kutoka nje ya nchi, kibali cha utafiti kinapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na sampuli za mimea zinazovuka mpaka zinahitaji nyaraka zake pamoja na makubaliano ya maandishi kati ya taasisi mbili kuhusu nani anazimiliki na zitatumika kwa nini. Hata ndani ya nchi, mkuu wako wa idara anahitaji kujua kabla sampuli hazijaondoka. Huhitaji kuyamaliza mbele ya bango. Inatosha kusema "kwetu itahitaji barua ya mkurugenzi, nitaianza Jumatatu", ili mwenzako asidhani ukimya wa wiki mbili ni kubadili nia.

Tatu, majina kwenye makala. Swali hili huogopwa na ndilo linalovunja urafiki mwingi. Lisemwe kwa upole na kwa uwazi: jaribio likitoa matokeo ya kuchapishwa, aliyetoa DNA na aliyekusanya kuvu wote ni waandishi, na wote watasoma na kuidhinisha rasimu, nani aongoze kutategemea makala inahusu mikorosho au migomba. Kwa watafiti vijana hasa, naliona hili kuwa jambo la haki, kwa sababu wao ndio wanaosahaulika kirahisi.

Kuhusu kulindana: unaweza kueleza tatizo, mbinu na ulipokwama bila wasiwasi. Usigawe pale ukumbini faili la takwimu ghafi, viwianishi vya mashamba au majina ya wakulima. Wakulima walikuruhusu wewe, na ruhusa yao haihami pamoja na kadi yako.

Hatua ya 6: Funga mazungumzo kabla ya kuondoka kwenye bango

Kadi peke yake hupotea. Tuma ujumbe wa WhatsApp mkiwa bado mmesimama, ukiwa na jina lako na jambo lenyewe: "Mimi ni wa mikorosho, Mtwara. Kuvu 12 kwa TEF1, na safari ya Ruvuma mwezi Mei." Wiki tatu baadaye atakapotafuta kwenye simu yake atapata mada, si namba isiyo na jina. Ukiondoka, andika kwenye daftari mistari miwili kabla hujafika bango linalofuata: alikwama wapi, uliahidi nini. Baada ya mabango manne mazungumzo huchanganyika, na utajikuta unamwandikia mtu wa muhogo kuhusu migomba.

Msimbo wa QR kwenye bango ni mzuri, lakini intaneti ya ukumbini ikielemewa na watu wote huwa haufunguki. Beba nakala chache za bango kwenye karatasi ya kawaida ya A4, na kisanduku cha "Tunatafuta" kikiwa juu kabisa.

Barua pepe itoke ndani ya siku mbili, fupi, yenye jambo moja la kujibiwa:

"Habari Profesa. Nashukuru kwa mazungumzo yetu mbele ya bango lenu. Kama tulivyokubaliana, nina kuvu 12 wa fuzari kutoka mikorosho ya Newala na Tandahimba, naambatanisha orodha. Naomba kujua: sahani yenu inayofuata inaondoka lini, na mngependa kuvu wakiwa hai au DNA iliyokwisha kutolewa? Kwa upande wangu nimeanza kuzungumza na maafisa ugani kuhusu Mei."

Mkuu wa mradi na kijana aliyekutambulisha wote wawe kwenye barua hiyo. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kwa simu ikiwezekana, maana simu huku kwetu hujibiwa kuliko barua. Ukipata "tutawasiliana" mara ya pili bila tarehe, nenda kwa jina la pili kwenye orodha yako ya mabango, bila kinyongo. Huenda sahani ilijaa, huenda fedha zilikwama, na mtu huyohuyo anaweza kurudi mwaka unaofuata.

Majibu ya TEF1 yakija, yasomeni pamoja, kwa simu au ana kwa ana, kabla ya yeyote kuanza kuandika. Wote kumi na wawili wakiwa spishi moja, mtafiti wetu ana msingi wa kurudi kwenye miche: kuambukiza yenye afya, kusubiri dalili, na kumtoa kuvu yuleyule tena, kwa sababu mfuatano wa DNA unataja aliyekutwa kwenye mti na hauthibitishi kwamba ndiye aliyeuua. Wakigawanyika kati ya Newala na Tandahimba, sampuli sita kwa wilaya hazitoshi kusema lolote kuhusu tofauti hizo, na mazungumzo yanayofuata yatakuwa ya ombi la pamoja la fedha za kukusanya nyingi zaidi. Na nusu yao wakirudi bila kusomeka, chanzo cha kawaida ni kuvu wasio safi au DNA iliyoharibika njiani. Hapo waotesheni upya kutokana na mbegu moja moja ya kuvu, na kabla ya kutuma tena kundi zima, tumeni wawili tu.